Seli za Saratani Ndani ya Maji ya Kifuani

Maji yanayojaa kati ya pafu na ukuta wa kifua huvutwa kwa sindano, na mililita 50 hadi 75 kwa kawaida zinatosha kutafutia seli za saratani. Yakichelewa kufika maabara huhifadhiwa kwenye friji, bila kugandishwa. Huko huzungushwa kwa kasi ndani ya mashine hadi seli zitue chini, kisha mashapo hupakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi.

Ugumu huletwa na seli wenyeji. Utando wa pafu umetandazwa seli ziitwazo mesotheli, nazo hudondokea majini. Nimonia au ini bovu linapozichokoza, viini vyake hukua na hata kugawanyika, zikafanana mno na saratani. Kwa hiyo kiini kikubwa peke yake si ushahidi. Mesotheli zilizochokozwa bado huonekana ukoo mmoja, ndogo kwa kubwa, na baina ya mbili zilizokaribiana mara nyingi hubaki upenyo mwembamba. Saratani inayotokana na tezi huonekana ngeni: mafungu ya mviringo yenye ukingo laini, viini vilivyokunjamana, pengine na matone ya ute ndani ya seli.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 58 aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, ambaye sasa kifua chake cha kulia kimejaa maji. Slaidi zina mafungu machache ya kutia shaka. Jibu la “inashukiwa” halimwongozi daktari kuchagua dawa, na hapa ndipo bloku ya seli inapohitajika. Mashapo yaliyobaki hugandishwa kwa plazma na thrombini, hukazwa kwa formalini, huzamishwa kwenye nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kama nyama iliyotolewa kwa upasuaji. Faida yake ni kwamba seli zilezile hupatikana kwenye vipande vingi, na kila kipande hupimwa protini yake.

Kwanza huulizwa kama seli ni mesotheli. Kalretinini haishiki, klaudini-4 inashika. Basi ni ngeni. Ndipo chanzo kitafutwe: GATA3 inashika, TTF-1 ya pafu haishiki, na saratani ya titi inakuwa jibu linaloelekea zaidi. Mpangilio huu si wa hiari, kwani GATA3 huweza kushika hata saratani ya mesotheli. Kipokezi cha estrojeni hupimwa kwenye bloku hiyohiyo. Kwa maji ya tumboni, PAX8 huelekeza macho kwenye ovari.

Bloku haizalishi seli. Mashapo yakiwa haba, nta hutoka tupu. Tena, sampuli moja hugundua takriban asilimia 60 tu ya maji yenye saratani, hivyo kutoonekana kwa seli hakumwondolei mgonjwa shaka. Sampuli ya pili husaidia. Ya tatu huongeza kidogo sana, na ni afadhali kukata kinyama cha utando wenyewe.