Mjamzito safarini ahesabu na wiki za kurudi

Mfanyabiashara wa Wanyange, Jinja, anayepanda basi la usiku kufuata bidhaa Nairobi huketi kwa zaidi ya kilomita 500. Wengi hawanywi maji njiani ili wasiombe basi lisimamishwe. Kwa mjamzito hilo ni kosa. Mimba huifanya damu igande upesi kuliko kawaida, na miguu iliyokaa bila kutembea huzidisha hatari. Anywe maji, achukue kiti cha kando ya njia, achezeshe nyayo mara kwa mara, na basi likifika mpakani Busia au Malaba atembee kidogo na aende chooni. Mkanda upite chini ya tumbo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika ghafla, hata siku kadhaa baada ya safari, aende hospitali mara moja, asidhani ni uchovu tu.

Wakati mwepesi wa kusafiri ni kati ya wiki ya 14 na ya 28, kichefuchefu kikiwa kimepungua na tumbo halijawa zito.

Kwa ndege, mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na hukataa abiria baada ya wiki ya 36, au ya 32 akiwa na pacha. Anayeondoka Entebbe kwenda Dubai akiwa na wiki 27, akakaa siku 10, atarudi amepita 28. Kwenda hakuulizwa kitu, kurudi ataulizwa. Barua yenye tarehe ya kutarajia kujifungua aichukue kliniki kabla hajaondoka, na alipokata tikiti aulize itakubaliwa kwa siku ngapi.