Mradi wa Zamani, Node Mpya

Mtunza tovuti amepewa kazi ndogo: abadilishe bei katika tovuti ya duka iliyojengwa mwaka 2019. Anaandika `npm run build`, na badala ya tovuti anapata mstari huu:

```
Error: error:0308010C:digital envelope routines::unsupported
```

Hakuna aliyegusa msimbo. Kilichobadilika ni Node yenyewe. Tovuti ile inafungashwa kwa webpack 4, ambayo hupiga hesabu ya MD4 ili kuyatambulisha mafaili yake. Toleo la 17 la Node, lililotoka Oktoba 2021, lilihamia OpenSSL 3, na maktaba hiyo huiweka MD4 kando kwa kuwa imepitwa na wakati. Kwenye Node 16 mradi uleule hujengwa bila tatizo.

Kufuta Node mpya si suluhisho, maana mteja mwingine anaihitaji. Hapo ndipo nvm inapofaa. Programu hii ilianzishwa na Tim Caswell mwaka 2010, na hutumika kwenye Linux na macOS. (Kwenye Windows kuna nvm-windows, ambayo ni mradi tofauti kabisa.)

```
nvm install 16
nvm use 16
node -v
```

Amri ya mwisho itajibu `v16.20.2`, na tovuti itajengwa.

Siri yake ni nyepesi. Kila toleo linakaa katika folda yake ndani ya `~/.nvm/versions/node`, wala hayaingiliani. Unapoandika `nvm use`, folda ya toleo ulilotaja inatangulizwa katika `PATH`, ile orodha ya mahali ambapo kompyuta hutafuta programu. Ndiyo maana badiliko linaishia kwenye dirisha lile moja la terminali. Fungua jingine, utajikuta umerudi kwenye toleo la kawaida, na hitilafu ileile inaweza kuibuka tena. Wengi huhangaika hapa wakidhani mradi umeharibika upya, kumbe `node -v` ingewaambia yote.

Dawa ni kuweka faili la `.nvmrc` ndani ya folda ya mradi, lenye namba `16` tu. Ukiingia humo, unaandika `nvm use` bila namba, nayo inalisoma. Kuingia kwenye folda peke yake hakutoshi, labda uwe umeongeza mpangilio maalumu. Na vifurushi ulivyoweka kwa `npm install -g` havihami: kila toleo lina vyake, hivyo amri iliyokuwapo jana inaweza kuonekana imepotea.

Hata hivyo, Node 16 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Septemba 2023. Inafaa kujengea tovuti ile kwenye mashine ya fundi. Kuiacha ihudumie wateja mtandaoni ni jambo jingine, na kwa mradi wa aina hiyo kazi inayostahili kupangwa ni kuhamia webpack 5.