Barua ya Kumnyima Mtu Cheo

"Tunasikitika kukuarifu kwamba hukufaulu." Hivyo ndivyo barua nyingi za ofisini zimwambiavyo mfanyakazi aliyeomba kupandishwa cheo, kisha zikanyamaza. Kitenzi "hukufaulu" kinamtwika msomaji mzigo wote, ilhali aliyeamua hatajwi. Hata "imeamuliwa" haisaidii, kwani kauli ya kutendwa humficha mtenda.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili aliyeomba kuwa mkuu wa idara, nafasi akapewa mwenzake. Mwalimu mkuu mwenye busara atamwita kwanza, kabla habari haijafika katika chumba cha walimu, kisha amwandikie:

"Mwalimu, jopo letu limemchagua mwenzako. Kigezo kilichoamua ni uzoefu wa kusimamia mitihani ya idara. Yeye ameifanya kazi hiyo miaka mitatu, wewe bado. Ufundishaji wako haukutiliwa shaka na yeyote. Muhula ujao nakukabidhi mtihani mmoja, uutunge na wenzako na kuusimamia usahihishaji wake. Mwisho wa muhula tutaipima kazi hiyo pamoja. Sikuahidi cheo, nakuahidi nafasi ya kuliziba pengo hili."

Hapa kila kitenzi kina mwenyewe: jopo limechagua, mkuu anakabidhi. Pengo nalo limetajwa kwa kazi inayoweza kupimwa. Lau angeandika "ongeza bidii", mwalimu asingejua aanzie wapi. Na lau angemmiminia sifa tele, angejiuliza: ikiwa mimi ni hodari hivyo, mbona nimenyimwa?