Vitu vya milioni 30, bima ya milioni 10: Ukiibiwa unalipwa ngapi?

Jumla ya vitu vyako vya ndani ni Sh30 milioni. Umekata bima ya wizi ya Sh10 milioni tu, kwa sababu unajua mwizi hawezi kubeba nyumba nzima. Akija usiku atachukua TV, laptopu, simu na dhahabu. Kabati la vyombo na sofa ataviacha palepale.

Hesabu hiyo ina mantiki. Lakini kama mkataba wako ni wa kawaida, inaweza kukutokea puani siku ya kudai.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Tabata, Dar es Salaam. Wezi wamevunja mlango wa nyuma wakaondoka na TV ya Sh1.5 milioni, laptopu mbili za Sh2.5 milioni, spika za Sh800,000 na dhahabu ya Sh1.2 milioni. Jumla Sh6 milioni. Bima yao ni ya Sh10 milioni, kwa hiyo wanategemea kulipwa zote sita.

Kumbe hapana.

Mikataba mingi ya kawaida ina kanuni ya uwiano. Kampuni inasema hivi: vitu vyako ni vya milioni 30, wewe umelipia milioni 10, yaani theluthi moja. Basi theluthi mbili zilizobaki umejibebea mwenyewe, na kila hasara tutagawana hivyohivyo. Katika Sh6 milioni, familia inapata Sh2 milioni.

Bima ya hasara ya kwanza inafanyaje?

Hapa unaiambia kampuni ukweli tangu mwanzo: vitu vyangu vyote ni vya Sh30 milioni, ila nataka kinga ya Sh10 milioni za kwanza za hasara yoyote ya wizi. Kampuni ikikubali, haitumii ule uwiano wa theluthi. Familia yetu italipwa Sh6 milioni, ukitoa sehemu ambayo mkataba unamtaka mteja abebe mwenyewe. Tuseme ni asilimia 10, basi watapokea Sh5.4 milioni.

Usitegemee ada nayo ishuke hadi theluthi. Wizi mwingi wa majumbani ni wa kiasi kidogo, na huo ndio kampuni imekubali kuulipa wote. Kilichoondoka mikononi mwake ni ule wizi mkubwa unaotokea kwa nadra. Ndiyo maana ada inapungua, lakini si kwa kiwango kilekile.

Watu wanakwama wapi?

Wengi wanakwama kwenye ile thamani ya jumla. Wakala anakuuliza vitu vyote vina thamani gani, wewe unataja Sh20 milioni ili ada ipungue. Siku ya wizi, mkaguzi anakuja, anahesabu vilivyobaki, anajumlisha na vilivyoibiwa, anapata Sh30 milioni. Mikataba mingi ya aina hii inarudisha uwiano hapo: 20 kwa 30, yaani theluthi mbili. Hasara ya Sh6 milioni inakuwa Sh4 milioni, kabla ya kukatwa ile sehemu yako.

Kwa hiyo pita chumba kwa chumba, andika kila kitu, piga picha na tunza risiti. Kila mwaka unapohuisha bima, rudia. Friji mpya na kitanda kipya havitaibiwa kirahisi, lakini vinapandisha jumla.

La pili, Sh10 milioni zinapungua kadiri unavyolipwa. Baada ya dai la Sh6 milioni, mara nyingi zinabaki Sh4 milioni hadi mwisho wa mwaka wa bima, isipokuwa ulipe ada ya nyongeza kurudisha kiwango. Wezi wakirudi mwezi ujao, utaliona pengo hilo.

La tatu, angalia ukomo wa kitu kimoja. Mkataba unaweza kukulipa Sh10 milioni kwa jumla lakini ukaweka kikomo kidogo kwa dhahabu. Vilevile, mikataba mingi inataka alama za kuvunja. Kama mlango uliachwa wazi, dai linaweza kukataliwa.

Na moto je?

Moto hauchagui. Unaweza kuteketeza sofa, kabati, vitanda na nguo kwa saa moja. Ukiwa na Sh10 milioni dhidi ya nyumba iliyoungua yote, Sh20 milioni ni zako kuzitafuta. Kwa moto, kata thamani kamili. Hasara ya kwanza iache kwenye wizi.

Kabla ya kusaini, muulize wakala maswali mawili: maneno "hasara ya kwanza" yameandikwa wapi kwenye mkataba wangu, na thamani ya jumla iliyojazwa ni ipi? Kama hayapo kwenye karatasi, wewe una bima ya kawaida, na kwenye Sh6 milioni utapata mbili.