Sababu ya mwendesha baiskeli kusimama mlimani
MWENDESHA baiskeli atokaye Kisumu kuelekea Kakamega huanza kuuhisi mlima apitapo Mamboleo, barabara ikipanda kwenda Kiboswa. Akiwa ameketi, kiti hubeba sehemu kubwa ya uzani wake, huku misuli ya makalio na mapaja ikisukuma pedali.

Baiskeli isiyo na gia haimpi nafuu. Pedali huzunguka polepole zaidi na zaidi, hadi nguvu za aliyeketi zishindwe kuzisukuma. Hapo husimama: nyonga husogea mbele, uzani wa mwili huzikandamiza pedali, nayo mikono huvuta usukani.

Lakini msaada huo una gharama. Misuli ya mbele ya paja sasa huubeba mwili pia, na moyo hudunda kasi zaidi. Ndiposa wazoefu husimama penye mwinuko mkali tu, kisha huketi tena.