Machweo Yasiyopepesa

Umeiacha kamera ikipiga picha moja kila sekunde 5 jua likizama, kisha ukaziunganisha kuwa video. Mawingu yanakwenda vizuri, lakini mwanga unapepesa kama taa yenye waya uliolegea. Kamera iliyo kwenye otomatiki hupima mwanga upya kila picha, na mipangilio yake hupanda na kushuka kwa ngazi. Ngazi moja ya kawaida, theluthi ya stopu, hubadili mwanga kwa takriban asilimia 26, nayo macho huiona papo hapo.

Tiba ni kulinganisha kila fremu na majirani zake. Tuseme wastani wa mng'ao wa fremu tano ni 118, 121, 149, 119 na 120. Wastani wa zote ni karibu 125. Fremu ya katikati huzidishwa kwa 125/149, yaani 0.84, nayo hushuka hadi 125. Programu ya bure ya FFmpeg hufanya hesabu ya namna hii kwa video nzima:

```
ffmpeg -i machweo.mp4 -vf deflicker=size=15 safi.mp4
```

Namba 15 ni idadi ya fremu zinazolinganishwa. Ikiwa ndogo mno, kupepesa hubaki. Ikiwa kubwa mno, hata wingu lililofunika jua kweli hufifishwa athari yake.

Anga lililoungua likawa jeupe tupu halirudi. Litageuka kijivu tu. Ndiyo maana napendelea kufunga tundu la lenzi na ISO kwa mkono tangu mwanzo.