Umeme Umerudi: Nini Kibaki Kwenye Friji, Nini Kitupwe

Umeme ukirudi baada ya kukatika siku nzima, watu huwasha feni, huchaji simu, na friji huachwa ingurume yenyewe kwenye kona yake. Ikifika asubuhi, kila kilichomo kitakuwa baridi tena. Nyama itakuwa imeganda upya, maziwa yatakuwa baridi mkononi, na hakuna mtu atakayeweza kusema kama nyama ile ilibaki na barafu muda wote au ilikaa vuguvugu usiku kucha. Ubaridi hauui bakteria, huwapunguza kasi tu. Na sumu ambayo baadhi yao wamekwisha kuitoa kwenye chakula haiondoki kwa kugandishwa.

Kwa hiyo ukaguzi hufanywa mara tu umeme unaporudi, kabla friji haijapata nafasi ya kufuta ushahidi. Unahitaji mambo mawili: saa umeme ulipokatika, na mkono wako juu ya chakula chenyewe. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, chenye sindano ya kuchoma ndani ya nyama, ni bora zaidi. Pua haitoshi. Bakteria wanaonukisha chakula na bakteria wanaougulisha watu mara nyingi si wale wale, na mchuzi unaonukia vizuri kabisa unaweza kukulaza hospitali.

Friji iliyofungwa vizuri na isiyofunguliwa hutunza ubaridi wake kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu hufika saa 24, kwa sababu vitu vilivyoganda hupoozana vyenyewe kwa vyenyewe ilhali nafasi tupu haina cha kuipooza. Hesabu hizo zinategemea mlango kubaki umefungwa. Jikoni la pwani mwezi wa Februari, lenye joto la nyuzi 32 na zaidi, huzila saa hizo upesi, na kila mara mlango unapofunguliwa zinapungua tena. Friza ya kufungulia juu ina nafuu kidogo kuliko ya mlango wa mbele, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini hata kifuniko kikiinuliwa.

Mpaka wa kukumbuka ni nyuzi 4. Juu yake, bakteria huanza kuzaana, na katika joto la kawaida la chumba wengine huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa vikipita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, havifai tena. Chumba kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, muda huo ni saa 1.

Tuchukue nyumba moja ya Dar es Salaam. Umeme umekatika Ijumaa saa nne usiku na umerudi Jumamosi saa kumi na mbili jioni, yaani saa 20. Ndani ya friji kuna sufuria ya wali, bakuli la maharage ya nazi, mchuzi wa kuku, chupa ya maziwa ya ng'ombe, trei ya mayai, siagi, nyanya na karoti. Pembeni kuna friza ya kufungulia juu, imejaa nusu: fungu la nyama ya ng'ombe la kilo 3, kuku wawili, vipande vya nguru, vibua vilivyofungwa kwenye mfuko, tui la nazi na chupa chache za maji yaliyoganda.

Friji inaamuliwa haraka. Saa 4 za kwanza zilikuwa salama, zilizobaki 16 hazikuwa. Maziwa yanamwagwa, mchuzi unamwagwa, maharage yanamwagwa. Siagi inabaki, nyanya na karoti zinabaki, na pia jamu, tomato sosi na matunda mazima, kwa sababu sukari, chumvi, siki, mafuta au ganda lake humzuia bakteria asistawi. Mayai yanahitaji neno la ziada. Miongozo ya Marekani huagiza yatupwe, lakini mayai ya kule huoshwa kiwandani na kupoteza utando unaolinda ganda. Mengi yetu hayaoshwi na hukaa kwenye rafu ya duka bila friji. Yenye ganda zima yanaweza kubaki, ila yakishatoka baridini na kutoa jasho, yafute yakauke, uyatumie ndani ya siku moja au mbili na uyapike hadi kiini kiwe kigumu. Yaliyochemshwa na kumenywa yanatupwa.

Panapoleta ubishi ni wali. Kiporo ni chakula cha heshima nyumbani kwetu, na mama wengi watasema kwamba ukichemka vizuri hauna neno. Kwa wali uliolala kwenye baridi ni kweli. Kwa wali uliokaa saa 16 nje ya baridi si kweli. Ndani ya mchele kuna bakteria mwenye vijimbegu vinavyostahimili kupikwa. Wali ukipoa na kubaki vuguvugu, vijimbegu vile vinaamka, vinazaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haivunjwi na maji yanayochemka hata ukipasha nusu saa. Mlaji hutapika ndani ya saa chache, wakati mwingine ndani ya saa moja tu. Ni hivyo pia kwa mchuzi au kuku wa kuchoma aliyeshikwashikwa kwa mikono: kuna bakteria wa ngozi anayetoa sumu isiyoogopa moto. Kupasha upya kunaua walio hai, hakusafishi walichokiacha.

Tuje kwenye friza, ambako fedha nyingi zaidi imelala na ambako kuna kitu cha kuokoa. Saa 20 ziko ndani ya saa 24 za friza iliyojaa nusu, lakini tuseme kifuniko kilifunguliwa mara kadhaa na jikoni kulikuwa na joto. Hapo hesabu ya saa pekee haitoshi, na kila kipande kinakaguliwa peke yake. Kinachotafutwa ni barafu. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake, au iliyoyeyuka lakini haijapita nyuzi 4, yaani baridi yake ni ya friji inayofanya kazi, inaweza kugandishwa tena. Itapoteza maji na itakuwa kavu kidogo ikipikwa, hilo ni suala la ladha tu.

Lile fungu la kilo 3 bonyeza kwanza kwa juu, kisha choma kisu safi hadi katikati. Kisu kikigota kwenye barafu na juu kukiwa baridi sana, limepona. Fungu kubwa huyeyuka polepole, kwa hiyo yaelekea limenusurika. Kuku waliokuwa juu ya vyote ni habari nyingine. Tuseme mmoja ni mgumu mbavuni na mapajani: arudi kwenye friza. Mwingine amelegea kote, na maji mekundu yamejaa kwenye mfuko. Kama bado ni baridi hasa na kipimajoto kinasoma 4 au chini yake, apikwe jioni hiyo hiyo na kuliwa. Kama ni vuguvugu na hujui ni tangu lini, atupwe. Huna kipimajoto na huna uhakika? Atupwe vilevile. Tui la nazi lililoyeyuka kabisa na kupoteza ubaridi linaondoka pia.

Samaki ndiye ninayemhofia kuliko wote, na watu wengi wa pwani hawajaambiwa sababu. Nguru, vibua, jodari na dagaa wana kemikali ya asili katika nyama yao ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini pindi ubaridi unapotoweka. Histamini haina harufu ya kutegemewa. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, na kugandisha tena hakuiondoi. Mlaji huhisi ulimi unawasha kama amekula pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, ngozi inatoka vipele, mara nyingi ndani ya dakika chache hadi saa moja. Wengi huamini wana aleji ya samaki, kumbe yule samaki alilala nje ya baridi. Akianza kupumua kwa shida au kuzimia, apelekwe hospitali mara moja. Kwa hiyo kwenye friza yetu vibua vilivyolegea vinatupwa bila mjadala, na nguru anabaki tu kama ndani yake bado kuna barafu. Sheria ya kuku, ya kupika haraka aliyeyeyuka, simpi samaki wa aina hizi isipokuwa nimeona mwenyewe kwamba ametoka kuyeyuka sasa hivi.

Umeme ukikatika na hakuna dalili ya kurudi, uamuzi unafanywa mapema. Wazanzibari wanakumbuka Mei 2008, kebo ya chini ya bahari inayoleta umeme kutoka bara ilipoharibika na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na Desemba 2009 mkasa ukajirudia hadi Machi 2010. Katika hali kama hiyo kungoja hadi nyama iyeyuke ni kuipoteza. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa wakiwa bado baridi, na nyama hupikwa na kugawiwa majirani siku ile ile. Kwa kukatika kwa kawaida, usifungue, sogeza vilivyoganda vikae pamoja ukilazimika kufungua, na funika friza kwa blanketi. Blanketi liondolewe umeme ukirudi, maana friza nyingi hutoa joto lake kwenye kuta za pembeni.

Kabla ya kurudisha vilivyopona, futa majimaji yaliyomwagika. Maji ya kuku yaliyotiririka juu ya barafu ya kunywa au aiskrimu yameviharibu hata kama havijayeyuka. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha pangusa kwa jiki, kijiko kimoja cha chakula katika lita 4 za maji, uache pakauke. Nyama inayogandishwa upya itandazwe, isirundikwe, ili baridi iifikie ndani upesi.

Ukisafiri, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu na ukiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta chini, maji yote yaliyeyuka na kuganda tena ukiwa mbali, na nyama na samaki wa friza hiyo watupwe. Ikiwa katikati, kikombe hakiwezi kukuamulia, kwa sababu maji machache huyeyuka kabla ya fungu la kilo 3 na hayasemi yalikaa hivyo kwa muda gani. Hapo waulize majirani umeme ulikatika saa ngapi na kurudi saa ngapi. Wakikuambia ulikaa siku moja au zaidi, anza kwa kutoa samaki.